Ruzuku ya Kaya Masikini: Bajeti Inavyopangwa na Kiasi Kinachomfikia Mlengwa

Serikali inapotangaza fedha zilizotengwa kwa ajili ya ruzuku ya kaya masikini, takwimu inayosikika zaidi ni jumla ya bajeti. Hata hivyo, jumla hiyo haiingii yote mikononi mwa walengwa. Sehemu yake hutumika kuzitambua kaya zinazostahili, sehemu hulipia kazi ya kufikisha fedha vijijini, na nyingine hugharimia ufuatiliaji. Mwananchi anayetaka kujua kama mpango unaendeshwa vizuri anahitaji kufahamu mafungu hayo manne: thamani ya ruzuku, utambuzi wa walengwa, ufikishaji wa malipo na ufuatiliaji. Anahitaji pia kujua ni fungu lipi linaweza kupunguzwa bila madhara, na ni lipi likipunguzwa huigharimu Serikali zaidi ya kiasi kilichookolewa.

Makala haya yanaeleza mafungu hayo kwa kutumia Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini, unaotekelezwa Tanzania Bara na Zanzibar chini ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF). TASAF ilianzishwa mwaka 2000. Utoaji wa ruzuku kupitia jamii ulianza kwa majaribio katika Halmashauri za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, na malipo ya kwanza yalifanyika mwaka 2010. Mpango wa kitaifa ulizinduliwa mwaka 2012, na kufikia mwaka 2015 ulikuwa umeandikisha takriban kaya milioni 1.1. Awamu yake ya pili ilizinduliwa Februari 2020 kwa lengo la kuvifikia vijiji, mitaa na shehia zote nchini, kwa kuwa awamu ya kwanza ilifika katika sehemu ya maeneo hayo tu.

Thamani ya ruzuku

Fungu kubwa kuliko yote ni ruzuku yenyewe. Katika awamu ya kwanza, kila kaya iliyoandikishwa ilipata ruzuku ya msingi ya shilingi 10,000 kwa mwezi. Kaya yenye mtoto aliye chini ya umri wa miaka 18 iliongezewa shilingi 4,000. Juu ya hapo kulikuwa na nyongeza zenye masharti. Kaya yenye mtoto mdogo ilipata shilingi 4,000 kwa sharti la kumpeleka kliniki, na kaya yenye mwanafunzi wa shule ya msingi ilipata shilingi 2,000 kwa kila mtoto kwa sharti la mahudhurio darasani. Wanafunzi wa sekondari walikuwa na viwango vya juu zaidi. Malipo hayakutolewa kila mwezi. Yalitolewa kila baada ya miezi miwili, katika kipindi kilichozoeleka kwa jina la dirisha la malipo.

Kwa viwango hivyo, kaya ya mama mwenye mtoto mchanga na watoto wawili wa shule ya msingi ilistahili shilingi 10,000 za msingi, 4,000 za kuwa na watoto, 4,000 za mtoto mdogo na 4,000 za wanafunzi wawili. Jumla ni shilingi 22,000 kwa mwezi, au 44,000 katika kila dirisha la malipo. Mzee aishiye peke yake alistahili ruzuku ya msingi pekee, yaani shilingi 20,000 katika kila dirisha. Tofauti hiyo ni muhimu kwa mpangaji wa bajeti, kwa sababu hawezi kuzidisha idadi ya kaya kwa kiwango kimoja. Ni lazima ajue muundo wa kaya: wangapi wana watoto wadogo, wangapi wana wanafunzi, na wangapi ni wazee wanaoishi peke yao. Muundo huo nao hubadilika. Mtoto huzaliwa, mwanafunzi humaliza darasa la saba, mzee hufariki dunia. Taarifa zisipohuishwa, bajeti huandaliwa kwa ajili ya kaya ambazo hazipo tena katika hali ile iliyoandikwa.

Jambo la pili linalohusu thamani ni mfumuko wa bei. Ruzuku ya shilingi 10,000 isiyobadilika kwa miaka mitano, huku bei zikipanda kwa asilimia 5 kila mwaka, mwishoni huweza kununua bidhaa zilizokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,800 tu mwanzoni. Ili mlengwa aendelee kununua unga, mafuta na madaftari yaleyale, kiwango kingetakiwa kufika takriban shilingi 12,760. Kwa hiyo bajeti inayoonekana kubaki palepale huwa inapungua kila mwaka kwa upande wa mlaji, ingawa hakuna aliyeipunguza. Ndiyo maana viwango hupaswa kupitiwa mara kwa mara. Ujira wa walengwa wanaofanya kazi katika miradi ya ajira za muda, kwa mfano, ulikuwa shilingi 2,300 kwa siku katika awamu ya kwanza, na katika awamu ya pili ulipandishwa hadi shilingi 3,000.

Utambuzi wa walengwa

Fungu la pili hulipia kazi ya kuamua nani aandikishwe. Katika mpango wa Tanzania kazi hiyo hupitia hatua tatu. Kwanza, maeneo hugawiwa nafasi kulingana na hali ya umasikini, ili halmashauri yenye kaya nyingi masikini ipate nafasi nyingi zaidi. Pili, jamii yenyewe huorodhesha kaya zinazoonekana kuwa na hali duni kuliko nyingine, na orodha hiyo husomwa mbele ya mkutano wa kijiji, mtaa au shehia. Tatu, kaya zilizoorodheshwa hujaziwa dodoso lenye maswali kuhusu nyumba, vifaa, mifugo, idadi ya wategemezi na elimu. Majibu hugeuzwa kuwa alama zinazokadiria hali ya maisha, na kaya zilizo juu ya kiwango kilichowekwa huondolewa kwenye orodha. Matokeo hurudishwa kwenye mkutano wa jamii ili yathibitishwe kabla ya uandikishaji.

Kila hatua ina gharama zake. Wawezeshaji hulipwa posho na usafiri, madodoso huandaliwa na taarifa zake huingizwa kwenye mfumo, na walengwa hupigwa picha na kupewa vitambulisho vya mpango. Jambo linalosahaulika mara nyingi ni kwamba gharama hufuata idadi ya kaya zilizohojiwa, si idadi ya kaya zilizokubaliwa. Jamii ikiorodhesha kaya 6,500 na zikakubaliwa 5,000, kaya zile 1,500 zilizokataliwa nazo zimelipiwa.

Hapo mpangaji hukutana na uamuzi mgumu. Orodha ikiwa pana, gharama ya madodoso hupanda. Orodha ikiwa finyu, kaya masikini zisizo na sauti katika mkutano hubaki nje tangu mwanzo, na hakuna dodoso litakalozifikia. Kaya za namna hiyo ni zile zilizohamia karibuni, zinazoishi mbali na makao ya kijiji, au zenye mgonjwa asiyeweza kuhudhuria. Alama za dodoso nazo ni makadirio. Nyumba ya bati iliyorithiwa huweza kumpandisha alama mjane asiye na kipato, na nyumba ya nyasi huweza kumficha mfugaji mwenye ng'ombe wengi. Kwa sababu hiyo, mkutano wa mwisho wa jamii ni sehemu ya kipimo chenyewe, na fedha za kuuitisha hazipaswi kuchukuliwa kuwa matumizi ya ziada.

Ufikishaji wa malipo

Fungu la tatu hulipia safari ya fedha kutoka akaunti ya mpango hadi kwa mlengwa. Kwa miaka mingi malipo yalifanyika kwa fedha taslimu. Wataalamu wa halmashauri walipeleka fedha kijijini, na kamati ya jamii iliyochaguliwa na wanakijiji ilizitoa hadharani kwa kila mlengwa aliyeonyesha kitambulisho. Njia hii ina faida moja kubwa: kila mtu huona nani amelipwa. Gharama zake ni mafuta ya gari, posho, ulinzi na muda wa watumishi, nazo huongezeka kadiri kijiji kinavyokuwa mbali.

Baadaye mpango ulianza kuhamia kwenye malipo kwa njia ya mitandao ya simu na akaunti za benki. Gari na ulinzi havihitajiki tena, lakini gharama nyingine huingia: ada ya kutuma, ada ya kutoa fedha kwa wakala, na kazi ya kuoanisha jina la mlengwa na laini ya simu au akaunti. Jina lililoandikwa kwa herufi tofauti kwenye kitambulisho cha Taifa na kwenye daftari la mpango hutosha kuyarudisha malipo. Mlengwa asiye na simu hulazimika kutumia laini ya ndugu, na hapo huibuka swali la nani hasa amepokea fedha.

Swali la kuuliza katika bajeti ni hili: nani analipa ada ya kutoa fedha? Tuchukue ada ya shilingi 1,500 kwa malipo mamoja. Bajeti isipoibeba, mama mwenye shilingi 44,000 hupoteza asilimia 3.4 ya ruzuku yake, ilhali mzee mwenye shilingi 20,000 hupoteza asilimia 7.5. Ada iliyo sawa kwa wote humwelemea zaidi mwenye kiasi kidogo. Ndiyo maana njia sahihi ni kuiweka ada hiyo waziwazi katika fungu la ufikishaji na kumtumia mlengwa kiasi kinachomwezesha kutoa ruzuku yake kamili. Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini malipo hufanyika kila baada ya miezi miwili. Kulipa kila mwezi kungemsaidia mlengwa kupanga matumizi, lakini idadi ya miamala ingeongezeka mara mbili, na gharama yake pia.

Ufuatiliaji

Fungu la nne lina kazi tatu. Ya kwanza ni kuthibitisha kwamba masharti ya kliniki na shule yanatimizwa, kazi inayofanyika kwa fomu zinazojazwa na walimu na wahudumu wa afya kabla ya kila dirisha la malipo. Ya pili ni kupokea malalamiko na kuyapatia majibu. Ya tatu ni uhakiki: kuwatembelea walengwa, kulinganisha orodha ya malipo na watu halisi, na kukagua hesabu.

Hili ndilo fungu linalopunguzwa kwanza fedha zinapokuwa haba, kwa sababu halina mlengwa wa kulalamika mara moja. Matokeo ya uhakiki yanaonyesha kwa nini ni hatari kufanya hivyo. Katika uhakiki wa kitaifa wa walengwa uliofikia kilele chake mwaka 2016, zaidi ya kaya 50,000 ziliondolewa katika mpango. Baadhi yake walengwa walikuwa wamefariki au kuhama, na nyingine zilibainika kuwa hazikuwa na sifa. Kila kaya ya namna hiyo inayobaki katika orodha hupokea ruzuku kamili katika kila dirisha la malipo mpaka igunduliwe.

Mfano wa hesabu: halmashauri yenye kaya 5,000

Ili kuona mafungu haya yanavyokutana, tuchukue halmashauri ya mfano yenye vijiji 50 na walengwa 5,000. Halmashauri hii ni ya kufikirika, na viwango vya gharama vimewekwa kwa ajili ya kuonyesha hesabu tu. Tuseme wastani wa ruzuku ni shilingi 16,000 kwa mwezi, yaani 32,000 katika kila dirisha. Katika mwaka kamili wenye madirisha 6, ruzuku yote ni shilingi milioni 960.

Katika utambuzi, mikutano na kazi za awali katika vijiji 50 zinagharimu shilingi 600,000 kwa kijiji, jumla milioni 30. Kuzihoji kaya 6,500 kwa shilingi 8,000 kila moja ni milioni 52. Kuingiza na kuchakata taarifa zake kwa shilingi 2,000 kwa kaya ni milioni 13. Mikutano ya uthibitisho kwa shilingi 200,000 kwa kijiji ni milioni 10, na vitambulisho vya kaya 5,000 kwa shilingi 3,000 ni milioni 15. Jumla ya utambuzi ni shilingi milioni 120, nazo hutumika mara moja, mwanzoni.

Katika ufikishaji wa fedha taslimu, kila kijiji kinagharimu shilingi 250,000 kwa kila dirisha. Kwa vijiji 50, hiyo ni milioni 12.5 kwa dirisha na milioni 75 kwa mwaka. Ufuatiliaji umepangiwa milioni 6 kwa kila dirisha, yaani milioni 36 kwa mwaka: milioni 18 za kuthibitisha masharti, milioni 6 za malalamiko na milioni 12 za uhakiki na ukaguzi.

Kazi ya utambuzi inachukua miezi minne ya mwanzo, hivyo katika mwaka wa kwanza kunakuwa na madirisha 4 tu ya malipo. Ruzuku ya mwaka huo ni milioni 640. Gharama ni milioni 120 za utambuzi, 50 za ufikishaji na 24 za ufuatiliaji, jumla milioni 194. Kwa kila shilingi 100 zilizomfikia mlengwa, shilingi 30 zimetumika kuziwezesha zimfikie.

Mwaka wa pili picha hubadilika. Ruzuku ni milioni 960, utambuzi hauna gharama mpya, na ufikishaji pamoja na ufuatiliaji ni milioni 111. Kwa kila shilingi 100 za ruzuku, gharama imeshuka hadi shilingi 11.6. Mwaka wa tatu ni hivyohivyo. Kwa miaka yote mitatu, ruzuku ni shilingi bilioni 2.56 na gharama ni milioni 416, yaani takriban shilingi 16 kwa kila 100.

Mtu aliyeusoma mwaka wa kwanza peke yake angesema mpango una ubadhirifu. Aliyeusoma mwaka wa pili peke yake angeusifu. Wote wawili wangekuwa wamekosea, kwa kuwa ni mpango uleule na viwango ni vilevile. Hali kama hiyo ilionekana Mexico katika mpango wa ruzuku ulioanza mwaka 1997 kwa jina la Progresa. Mwaka wa kwanza gharama za kuuendesha zilizidi ruzuku yenyewe. Kwa miaka ya mwanzo ikijumlishwa pamoja, gharama zilikuwa takriban peso 9 kwa kila peso 100. Gharama za utambuzi ni kama gharama za kuchimba kisima: hulipwa siku moja, ilhali maji huchotwa kwa miaka.

Wapi pa kupunguza, na wapi si pa kupunguza

Tukirudi kwenye halmashauri ya mfano, punguzo linaloonekana wazi liko katika ufikishaji. Malipo kwa fedha taslimu yanagharimu shilingi 2,500 kwa kila malipo ya kaya moja. Yakihamia kwenye simu kwa ada ya shilingi 1,500 inayobebwa na bajeti, gharama ya mwaka inashuka kutoka milioni 75 hadi milioni 45. Hilo ni punguzo la kweli, kwa sharti kwamba wakala wa kutoa fedha yupo karibu. Mlengwa akilazimika kulipa nauli ya bodaboda ya shilingi 4,000 kwenda na kurudi, gharama haitakuwa imepungua. Itakuwa imehamishwa kutoka kwenye vitabu vya halmashauri na kuwekwa mfukoni mwa mlengwa, mahali ambapo hakuna bajeti inayoionyesha.

Punguzo katika ufuatiliaji lina hesabu tofauti. Kaya moja inapokea wastani wa shilingi 192,000 kwa mwaka. Ukigawa milioni 36 za ufuatiliaji kwa kiasi hicho, unapata kaya 188, ambazo hazifiki asilimia 4 ya walengwa wote. Maana yake ni kwamba ufuatiliaji ukizuia malipo kwa kaya 188 zisizostahili, umejilipia. Ukifutwa ili kuokoa milioni 36, na kaya hewa zikafika 250, halmashauri itakuwa imepoteza milioni 48. Hata hivyo, hasara ya aina ya pili haionekani katika hesabu hii: ile ya kaya inayostahili iliyoondolewa kimakosa, au ambayo malipo yake yamekwama kwa sababu ya jina lisilooana. Kaya hiyo haipandishi gharama yoyote ya mpango. Kwa sababu hiyo, milioni 6 za kushughulikia malalamiko ndizo pekee katika bajeti nzima zinazoweza kuigundua.

Vilevile, uwiano wa gharama kwa ruzuku una mipaka yake kama kipimo. Thamani ya ruzuku ikipunguzwa nusu, kutoka shilingi 16,000 hadi 8,000 kwa mwezi, gharama za kulipa na kufuatilia hubaki zilezile, na uwiano hupanda kutoka shilingi 11.6 hadi 23 kwa kila 100, ingawa hakuna mtumishi aliyefanya kazi vibaya. Kinyume chake, ruzuku kubwa ikitolewa kwa watu wasiostahili, uwiano huonekana mzuri sana. Kipimo hiki kinaonyesha bei ya kufikisha fedha, lakini hakionyeshi kama zimefika kwa mtu sahihi. Lazima kisomwe pamoja na matokeo ya uhakiki.

Jambo jingine la kuangalia ni gharama zisizoandikwa. Mwalimu anayejaza fomu za mahudhurio, mhudumu wa zahanati anayethibitisha kliniki na mtendaji wa kijiji anayeitisha mkutano hulipwa mishahara kutoka mafungu mengine ya Serikali. Muda wao hauonekani katika bajeti ya ruzuku. Halmashauri mbili zenye uwiano unaofanana zinaweza kuwa zinategemea muda wa watumishi hao kwa viwango tofauti kabisa, na fomu zinapochelewa kutoka shuleni au zahanati, chanzo mara nyingi kiko hapo.

Dalili za kuangalia katika taarifa za bajeti

Mwananchi anaposoma taarifa ya utekelezaji, kuna mambo machache yanayotosha kumwonyesha hali ilivyo. La kwanza ni idadi ya madirisha ya malipo yaliyofanyika ikilinganishwa na yale 6 yaliyopangwa. Bajeti iliyoidhinishwa lakini ikatolewa kwa kuchelewa husababisha madirisha kuunganishwa, na mlengwa aliyepanga ada za shule au pembejeo hulazimika kukopa. La pili ni tofauti kati ya fedha zilizotumwa na fedha zilizopokelewa: malipo yaliyorudi yanapaswa kuelezwa sababu zake na kulipwa katika dirisha linalofuata. La tatu ni kiasi kilichokatwa kwa kutotimiza masharti. Makato yakiwa mengi katika kijiji kimoja, huenda tatizo si wazazi bali ni umbali wa zahanati au fomu ambazo hazikuwasilishwa, na makato hayo hayapaswi kuhesabiwa kuwa akiba. La nne ni mwaka wa mpango: gharama zisomwe kwa kipindi chote, si kwa mwaka mmoja.

Mlengwa mwenyewe ana nafasi katika hesabu hii. Anapaswa kujua kiwango cha kaya yake kwa kila dirisha na namna kilivyopatikana, ili kiasi kikipungua aulize ni nyongeza ipi imeondolewa na kwa sababu gani. Akizaliwa mtoto, akihama mwanakaya au akifariki, taarifa hupelekwa kwa kamati ya jamii na mtendaji wa kijiji, mtaa au shehia, ili zihuishwe kabla ya dirisha linalofuata. Malalamiko ambayo hayakupata majibu katika ngazi hiyo huwasilishwa kwa mratibu wa TASAF katika halmashauri. Mlengwa hatozwi fedha yoyote ili aandikishwe au ahakikiwe, kwa kuwa gharama za kazi hizo zimekwishawekwa katika fungu la utambuzi na fungu la ufuatiliaji.